Mwamba Usioanguka: Kumtungia Sungura Utenzi wa Saa ya Hadithi

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, katika maktaba ninayosomea watoto hadithi, mkeka hutandikwa kati ya rafu mbili za vitabu na watoto wa miaka mitano hadi tisa hujibanza juu yake, bega kwa bega. Jumamosi moja mama mmoja aliyekuja kurudisha kitabu alisimama akashangaa. Watoto wote walikuwa wamenyoosha mikono, viganja vinatazama dari, nyuso zimekunjamana kama za wachukuzi wa bandarini. Walikuwa wanauzuia mwamba usianguke.

Mwamba wenyewe haukuwapo. Ulikuwamo ndani ya utenzi wa beti 18 nilioutunga kwa ajili yao, unaosimulia jinsi Sungura alivyomponyoka Fisi pangoni. Wazazi na walimu wengi wameniuliza utenzi wa namna hiyo hutungwaje, nami nimeona nieleze hatua kwa hatua, pamoja na makosa niliyoyafanya njiani. Katika kuutunga nimejifunza jambo moja lililo kubwa kuliko mengine: hila ya Sungura lazima msikilizaji aione mwenyewe. Mtunzi akiitaja, ameiua.

Kisa chenyewe ni kifupi. Sungura anakimbia mvua na kujificha pangoni. Fisi anamkuta humo na kumzibia njia. Sungura anainua mikono na kupiga kelele kuwa paa la pango linaanguka. Fisi anaogopa na kulizuia, naye Sungura anaaga kwamba anakwenda kutafuta gogo la kuliegemeza. Harudi. Kisa hiki kina jamaa wengi. Kusini mwa Afrika husimuliwa mbweha akiwa ndiye mjanja na simba akiwa ndiye mjinga anayebaki ameushika mwamba. Kwetu pwani Sungura na Fisi ni wenyeji wa zamani, na walikwisha kuingia vitabuni kitambo: mkusanyiko wa hadithi za Unguja uliotolewa na George Bateman mwaka 1901 una kisa cha Simba, Fisi na Sungura.

Nilikichagua kisa cha pango kwa sababu mbili. Kwanza, katika hadithi nyingi Sungura ni mwizi: anaiba maji ya kisima cha wenzake au mazao ya shamba ambalo hakulilima. Hapa hakuiba kitu, anaiokoa roho yake tu. Pili, hila yake ina umbo ambalo mtoto anaweza kuliiga kwa mwili wake. Kunyanyua mikono hakuhitaji mavazi, vinyago wala jukwaa.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa shairi la mizani 16 kila mshororo, lenye vina vya kati na vya mwisho, umbo ambalo wengi wetu tulilizoea shuleni. Lilikuwa shairi safi kwenye karatasi, lakini watoto walilala. Mshororo wa mizani 16 unabeba mawazo mawili, na mtoto wa miaka sita akifika la pili, la kwanza limeshamtoka. Utenzi una pumzi fupi. Ubeti una mistari minne, kila mstari una mizani nane, mistari mitatu ya mwanzo inakubaliana kwa kina, na mstari wa nne unabeba kina kingine kinachorudi mwisho wa kila ubeti hadi utenzi unapokwisha. Kina hicho cha kudumu ndicho wanachokiita bahari. Umbo hili limebeba masimulizi makubwa ya lugha yetu: Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja za vita. Limebeba pia maneno ya mzazi kwa mtoto, kwani ndilo alilolitumia Mwana Kupona mwaka 1858 kumuusia binti yake. Kwa hiyo sikuwa ninabuni kitu kipya. Nilikuwa ninamrudisha Sungura kwenye chombo kilichozoea kusafiri na hadithi.

Utenzi wangu unaanza hivi:

Kaeni kwenye mkeka
Hadithi nitatamka
Mkipenda kuitika
Itikeni kwa makini.

Siku moja ikanyesha
Mvua kubwa ya kutisha
Nyasi zote kulowesha
Na maji tele bondeni.

Sungura kakurupuka
Kwenye nyasi akatoka
Mbio bila kugeuka
Akaingia pangoni.

Ubeti wa pili upo kwa sababu ya swali la mtoto. Nilipokisimulia kisa kwa mdomo kabla ya kukitunga, niliuanza mkasa Sungura akiwa tayari pangoni, na msichana mmoja akauliza, "Bibi, alifuata nini humo?" Aliuliza vyema. Sungura wa porini haishi pangoni wala hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi, kwenye majani, mahali alipopabonyeza kwa mwili wake. Pango ni makao ya Fisi. Lazima pawe na kitu kilichomtoa Sungura kwake, na mvua inayolowesha nyasi inatosha. Mtoto akishaelewa kwamba Sungura hayupo mahali pake, hofu inaanza bila mtunzi kuitaja.

Mvua hiyohiyo ilinipa somo la mizani. Mizani moja ni silabi moja, na kwa sehemu kubwa Kiswahili ni rahisi kuhesabu kwa sababu silabi zake hukomea kwenye irabu. Taabu iko kwenye herufi m na n zinapotangulia konsonanti. Baadaye katika utenzi, mvua inapokatika, niliandika "Mvua ikanyamaza" na kuhesabu nane. Nilipowaomba watoto wapige makofi kwa kila silabi, makofi yalikuwa saba, kisha mkono ukabaki hewani. Watoto walikuwa sahihi. Neno "mvua" lina silabi mbili, mvu na a. M imeshikana na v na zinatoka kwa pamoja. Neno "mvuvi" lina silabi tatu, m, vu na vi.

Ili kuzitofautisha, mimi hutia neno katika wingi. Mvuvi akiongezeka tunasema wavuvi, mlango tunasema milango: ile m imeondoka na nyingine imekuja, maana yake ilikuwa silabi inayojitegemea. Mvua ikizidi ni mvua tu, mbuzi ni mbuzi, ndege ni ndege. M au n haing'oki, maana yake haihesabiwi peke yake. Wanaoikaidi kanuni hii ni maneno mafupi kama nchi, nne na mbwa, ambamo sauti hiyo ya kwanza ndiyo inayobeba mkazo, kwa hiyo nayo huhesabiwa. Pamoja na yote hayo, kiganja ndicho hakimu. Mstari wenye upungufu huacha kofi moja bila silabi, na mstari uliozidi humfanya msomaji ameze herufi. Ukimsikia mtu mwingine anajikwaa mara mbili mahali pamoja anapousoma utenzi wako, usimlaumu. Rudi ukahesabu.

Sasa Sungura yumo ndani, na Fisi yuko njiani.

Akaiona mifupa
Imetapakaa hapa
Moyo wake ukapapa:
"Mwenye nyumba hii nani?"

Mara Fisi akahema
Mlangoni kasimama
Kwa furaha akasema:
"Nyama imekuja ndani!

"Siku tatu sijalala
Njaa kali, bila kula
Umejileta chakula
Utatulia tumboni."

Angalia kwamba Fisi hatajwi mpaka ubeti wa tano. Kinachotangulia ni mifupa, kwa sababu mifupa ndiyo alama yake; taya zake huvunja hata ile ambayo wanyama wengine huiacha. Sungura anauliza mwenye nyumba ni nani, na hapo husimama kusoma. Mkeka mzima hujibu "Fisi!" kabla yangu. Mtoto aliyejibu hivyo ameshafanya kazi ya msimuliaji, na hutaka kuendelea nayo.

Hapo ndipo kazi ya kina cha bahari inapoonekana. Nilikuwa nimejaribu vina viwili vingine kabla ya kutulia kwenye "ni". Kina "zo" kilinikaba kwa uhaba wa maneno. Kina "ka" kilikuwa na maneno mengi mno, na karibu yote ni vitenzi vya aina moja: akatoka, akaruka, akaanguka. Kina "ni" kilinivutia kwa urahisi wake, kwa sababu nomino nyingi za lugha yetu zikitiwa "ni" huwa mahali. Urahisi huo nao ni mtego. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na pangoni, mlangoni, gizani, ukutani, sakafuni na njiani, zimefuatana kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumba. Kila ubeti ulimalizika kwa kutuambia mambo yalitokea wapi, hata pale ambapo msikilizaji alitaka kujua yalitokea nini.

Nikakaa kuichambua "ni" yenyewe. Niliona kwamba katika Kiswahili ina kazi kadhaa. Inataja mahali, kama pangoni. Inauliza, kama nani na lini. Na inaamrisha watu wengi, kama njooni na shikeni. Kazi hii ya tatu ndiyo iliyonifungulia utenzi. Neno linaloishia kwa "ni" linaweza kutoka katika kinywa cha Sungura likavuka mipaka ya hadithi na kuwafikia watoto mkekani, kwa sababu nao ni wengi.

Sungura akachunguza
Kila upande ni giza
Kukimbia hataweza
Adui yu mlangoni.

Akainua mikono
Akayakaza na meno
Akapaaza maneno:
"Jamani, nishikieni!

"Mwamba unaporomoka
Juu yetu waanguka
Mifupa itavunjika
Ushikeni! Ushikeni!"

Hapa ndipo nilipokosea vibaya kuliko kwingine kote. Kati ya ubeti wa saba na wa nane palikuwa na ubeti mwingine, ulioanza "Hapo akawaza hila". Mizani ilikuwa nane kamili, vina vilikuwa barabara, nami niliupenda. Nilipousoma, watoto walitabasamu kidogo, wakatulia, wakasubiri. Sungura alipopiga kelele hakuna aliyeshtuka. Fisi aliposhika mwamba hakuna aliyecheka kwa nguvu. Nilikuwa nimewaambia mapema kwamba yanayokuja ni uongo, na mtu aliyeonywa hashtuki.

Juma lililofuata niliuondoa ubeti ule bila kuweka kitu mahali pake. Sasa Sungura anachunguza, anaona hakuna njia, kisha anainua mikono. Anachokiwaza hatuambiwi. Niliposoma "Ushikeni! Ushikeni!" kwa sauti ya mtu aliyekaliwa na hatari, mikono iliruka juu yenyewe, na wadogo kabisa walitazama dari la maktaba kwa wasiwasi. Walikuwa wamenaswa pamoja na Fisi. Kisha, mmoja baada ya mwingine, nikaziona nyuso zikibadilika. Mvulana mmoja wa miaka minane alimnong'oneza mwenzake, "Anamdanganya." Huo mnong'ono ndio niliokuwa nikiutafuta tangu mwanzo. Ameigundua hila kabla ya Fisi, na ameigundua kwa akili yake.

Jambo dogo la sarufi linafanya kazi kubwa hapo. Pangoni Fisi yuko peke yake, lakini Sungura anapaza sauti kwa wingi: jamani, nishikieni, ushikeni. Aliyepatwa na janga huita yeyote anayesikia, ndiyo maana Fisi haoni ajabu. Mara tu Fisi anaponasa, Sungura anageukia umoja na kumsemesha yeye tu, kwa upole, kama rafiki wa siku nyingi.

Fisi hakusita-sita
Miguu chini kakita
Mabega akayaleta
Mwamba ukawa kichwani.

"Nakwenda kukata gogo
Lenye kubeba mzigo
Usilegee kidogo
Nitarudi, niamini."

Akainama, kapenya
Fisi amemdanganya
Roho yake kaiponya
Huyo, mbio, majanini!

Utaona kwamba neno "amemdanganya" linatokea katika ubeti wa 12, Sungura akiwa ameshatoka. Wakati huo halimfunulii mtoto chochote; linamthibitishia alichokwisha kukijua. Neno hilohilo, lingekuja beti tano mapema, lingeharibu kila kitu.

Wasimuliaji wengi humalizia kisa hapa, Sungura akicheka majanini. Mimi naona nusu ya utamu ingali mbele, na iko kwa Fisi. Sungura ameondoka na mwendo wa hadithi ameondoka nao. Kilichobaki ni mnyama mmoja, mwamba na muda. Kwa hiyo mistari inapaswa kutambaa. Katika ubeti wa 13 niliiruhusu sentensi ivuke kutoka mstari wa tatu kwenda wa nne bila kituo, jua likazama taratibu kama linavyozama kweli. Katika ubeti wa 15 niliweka neno "kimya" likifuatwa na nukta, na hiyo nukta naihesabu moyoni mpaka tatu kabla ya kuendelea.

Mvua kubwa ikakoma
Fisi bado kasimama
Jua likazama nyuma
Ya vilima vya mwituni.

Akaita: "We Sungura!
Naishiwa na subira
Mabega siyo imara
Gogo litafika lini?"

Kimya. Popo wakaruka
Jasho nalo likashuka
Magoti yakamchoka
Njaa yanguruma ndani.

Ubeti mmoja husomwa kwa sekunde kama kumi, kwa hiyo utenzi wote ungekwisha kwa dakika tatu. Pamoja na vituo na vibwagizo huchukua dakika nane hivi. Tangu ubeti wa tisa mikono ya watoto iko juu, na siwaambii waishushe. Wanapofika hapa viwiko vimeanza kupinda, wengine wanaegemeza mkono mmoja kwa mwingine, na Fisi anapolalamikia mabega yake wanaguna naye. Sikulipanga hilo. Nilidhani kunyanyua mikono kungekuwa mchezo wa ubeti mmoja, kumbe uchovu wenyewe uliwaingiza katika mwili wa mnyama waliyekuwa wakimcheka. Mtoto mdogo sana akichoka mapema, mwache ashushe. Huangalia wenzake na hucheka zaidi ya wote. Na msomaji naye asome akiwa ameinua mkono mmoja, karatasi ikiwa katika mkono mwingine, kwa sababu watoto hawabebi mzigo ambao mkubwa amekataa kuubeba.

"Gogo litafika lini?" ni mstari mwingine ambao watoto huumalizia wenyewe. Nasoma hadi "litafika", naacha. Kufikia hapo wameshasikia "ni" mara kumi na tatu, na neno linajileta ulimini. Ndiyo maana ni kosa kuweka mwisho wa ubeti neno gumu au la ajabu kwa kujionyesha. Mistari mitatu ya mwanzo imshangaze msikilizaji. Wa nne umpe mahali pa kuingia. Kiswahili kinasaidia hapo kwa tabia yake ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mstari wa mizani nane sauti hupanda kwenye ya saba na kushuka kwenye ya nane, na kushuka huko humwambia mtoto kwamba zamu yake imefika.

Fisi naye amefika mwisho wa nguvu zake.

Mwisho akauachia
Chini akajitupia
Kishindo akangojea
Kichwa kiko mikononi.

Haukuanguka mwamba
Hata kidogo kuyumba
Toka Mungu kauumba
Umekaa kwa amani.

Nilipotunga ubeti wa 17 nilikuwa nimeweka kicheko cha Sungura kutoka mbali. Nikakifuta. Fisi ameinua kichwa, ameutazama mwamba, na mwamba uko palepale ulipokuwa tangu enzi. Hakuna kicheko kinachoweza kusema zaidi ya hapo. Watoto huishusha mikono wakati huo, wakaisugua, na kwa muda mfupi hakuna anayecheka. Halafu wote hucheka kwa pamoja.

Maswali huja baadaye. Mmoja aliniuliza kama kweli Fisi ni mjinga. Nilimwambia kwamba huyu ni Fisi wa hadithi. Fisi madoa wa porini ni mwindaji hodari, anaishi katika kundi lenye utaratibu linaloongozwa na majike, na sehemu kubwa ya chakula chake hukiwinda mwenyewe badala ya kuokota mabaki. Hadithi ilihitaji mwenye nguvu na tamaa, naye akavikwa vazi hilo. Mtoto anaweza kuyashika yote mawili bila kuchanganyikiwa, ilimradi mtu amwambie.

Swali jingine lilikuwa zito zaidi. Binti mmoja alisema, "Lakini Bibi, alimwambia niamini." Amehifadhi mstari wa mwisho wa ubeti wa 11, na ulimchoma. Sungura angeweza kutoka bila kulitamka neno hilo. Nilifikiria kuubadilisha mstari, kisha nikaona kwamba umechoma panapostahili. Wenzake walimjibu kwamba Fisi alitaka kumla, na asingesema hivyo angekufa. Yeye akasema anajua, lakini hata hivyo. Sikutoa hukumu. Sikuweka pia ubeti wa mafunzo mwishoni, ule tuliouzoea wa kusema kwamba uroho ni mbaya na akili ni mali. Kama ningeuweka, mazungumzo yale yasingetokea, kwa sababu jibu lingekuwa limetangulia swali.

Badala ya mafunzo, ubeti wa mwisho unawauliza watoto jambo. Kina cha bahari kinafanya kazi yake ya kuuliza kwa mara ya mwisho, kikiwa kimeshikana na kitenzi kama tunavyosema mitaani, "wafanyani?" au "watakani?"

Niambieni, wenzangu
Mlionyanyua mbingu
Mikono yenu na yangu
Ilikuwa yabebani?

Nimeusoma utenzi huu mara nyingi sasa, na majibu hayafanani. Wengi hupiga kelele "Hewa!" Wengine husema "Hakuna kitu!" Jumamosi ile mama alipotukuta mikono iko juu, tulipofika hapa palikuwa na kimya kirefu. Kisha yule mvulana aliyemnong'oneza mwenzake alijibu polepole, huku akisugua bega, "Ilibeba uongo."

Mama yule alikuwa bado amesimama kwenye rafu, kitabu chake mkononi. Sisi wasimuliaji tumezoea kuanza kwa kuita, hadithi njoo, uongo njoo. Siku hiyo uongo ulikuja kweli, watoto wakaupima uzito wake kwa mikono yao wenyewe, na mmoja wao akautambua kwa jina.